Saa ya Boksi

Jumamosi, 8 Februari 2025

Jana wakati wa mapumziko niliwachukua watoto 10 wa darasa la 3, nikawaingiza mmoja mmoja chumba cha walimu na kuwasimamisha mbele ya saa ya ukutani. Ilikuwa saa 4 na nusu. Mshale mfupi ulikuwa katikati ya 10 na 11, mrefu umeshuka kwenye 6. Nilimuuliza kila mmoja swali moja tu: "Saa ngapi sasa?"

Watano walisema saa 10. Wawili walisema saa 6. Mmoja alisema saa 10 na 6. Mmoja alikaa kimya, akiangalia vidole vyake. Wa mwisho akajibu bila kusita: "Saa 4 na nusu, mwalimu." Nikafurahi, nikamuuliza amejuaje. Akasema: "Kengele ya kula imeshapigwa."

Nimelifikiria jibu lake usiku kucha. Mtoto huyu anaijua saa 4 na nusu vizuri sana. Anaijua kwa njaa, kwa kengele, kwa mama yake anayeshuka pwani kwenye mwani maji ya bamvua yakitoka. Asichokijua ni uso wa saa. Na waliosema saa 10 hawakukosea kusoma, kwa kuwa mshale umesimama karibu na 10 na wao wakaitaja 10. Ulimi wa nyumbani unasema 4, ukuta unaonesha 10, na sisi walimu hatujawahi kukaa nao tukawaeleza ni kwa nini.

Nimeamua somo la wiki ijayo liwe hili. Saa ya ukutani ni moja tu skuli nzima, iko juu, na mishale yake haishikiki. Nitatengeneza yangu kwa boksi.

Jumapili, 9 Februari 2025

Nimeshinda na boksi. Nililipata dukani, boksi la maji ya chupa, nikalifumua na kukata kipande cha mraba chenye sentimita 40 kila upande. Bikari yangu ya mwanafunzi haifiki duara kubwa hivyo. Kwanza nilijaribu uzi uliofungwa kwenye msumari na penseli, lakini uzi unanyumbuka, na duara lilipomalizika mwanzo na mwisho havikukutana. Nikakata ukanda mwembamba wa boksi, nikatoboa matundu mawili yaliyoachana sentimita 18, msumari tundu hili, penseli tundu lile. Duara likatoka safi.

Kugawa sehemu 12 hakukunipa tabu, na nataka nikumbuke njia hii maana haihitaji kipimapembe. Ukanda uleule wa sentimita 18 niliuweka juu ya mstari wa duara na kutembea nao: alama, hatua, alama, hatua. Hatua 6 zinalizunguka duara zima na kurudi pale zilipoanzia. Yangu ya sita ilipita kwa milimita 4, nikajua mkono uliteleza mahali, nikafuta na kuanza tena. Zikishapatikana alama 6, unaunganisha kila mbili kwa rula, unapima sentimita 9 kupata nusu ya mstari huo, kisha unapiga mstari kutoka katikati ya duara kupitia hapo mpaka ukingoni. Hizo ni alama 6 nyingine, jumla 12.

Uso wenyewe ni wa karatasi nyeupe, nyuma ya kalenda ya mwaka juzi, nimeubandika kwa uji mzito wa unga. Boksi tupu lina rangi ya udongo, na wino mweusi juu yake hausomeki kutoka dawati la nyuma. Tarakimu nimezifanya za urefu wa sentimita 4. Nimeziweka ndani kidogo, nikaacha ukingo mtupu kwa ajili ya vistari 60 vya dakika. Hivyo sitavichora sasa.

Mishale nimeikata kwa kufuata mifereji ya ndani ya boksi. Ule niliokata kwa kukingama ulipinda nilipousukuma mara ya pili tu. Mfupi una sentimita 10, mrefu 16. Pini sikuwa nayo. Nimetumia vifungo viwili vya kanzu, kimoja mbele na kimoja nyuma, nikavishona pamoja kwa uzi kupitia tundu la katikati, nikaukaza mpaka mshale ukae pale ninapouacha. Uzi ukilegea, mshale unaanguka kwenye 6 wenyewe, na saa inayobadilika bila kuguswa itawachanganya watoto.

Jumatatu, 10 Februari 2025

Jioni nimeijaribu kwa mpwa wangu wa miaka 9 kabla hajaenda chuoni. Nikaweka saa 2 kasorobo: mrefu kwenye 9, mfupi kwenye 8. Akaiangalia kwa muda mrefu, akasema saa 2 na dakika 45. Nikamrekebisha. Nikaweka saa 1 na nusu: mrefu kwenye 6, mfupi kwenye 7. Akasema sawa. Kisha akachukua simu ya mama yake, akaiangalia picha ya saa iliyomo mle, akanirudia: "Mama mdogo, hii ya simu mshale wake mfupi hauko kwenye namba."

Kweli hauko. Nilikuwa nimemwekea saa za uongo. Kwenye saa ya kweli mishale miwili imefungwa kwa magurudumu ya meno yaliyomo ndani: mrefu ukizunguka mara moja, mfupi unasogea kutoka tarakimu moja hadi nyingine. Nusu saa ikipita, mfupi lazima uwe katikati. Ikibaki robo, mfupi umeshatembea robo tatu za njia na haujafika. Saa yangu haina magurudumu. Kila mshale unakwenda unavyosukumwa, na mkono wangu uliupeleka mfupi moja kwa moja kwenye 8 kwa sababu kichwani mwangu nilikuwa nasema "saa 2".

Sasa naelewa kwa nini alisoma saa 2 na dakika 45. Mshale uliokwishafika kwenye 8 unasema saa 2 imetimia, na mrefu kwenye 9 unasema dakika 45 zimepita. Alisoma kile nilichomwonesha, na alisoma sawasawa. Kosa hili la watoto nimelisahihisha kwa kalamu nyekundu miaka mingi, na nadhani mara nyingi lilianzia kwenye saa za boksi za walimu kama mimi.

Nimekaa barazani nikafikiri. Nikaufungua uzi, nikautoa mshale mrefu, nikabakisha mfupi peke yake. Nikamwekea mpwa wangu katikati kabisa ya 7 na 8, nikamuuliza: "Saa hii imeshatoka wapi, inakwenda wapi?" Akasema imetoka 7 inakwenda 8. "Imefika wapi?" Akasema nusu ya njia. Nikausogeza karibu na 8: "Na sasa?" Akasema: "Karibu inafika, imebaki kidogo."

Hiyo ndiyo kasorobo yenyewe, na ameitamka bila kuifundishwa. Mshale mfupi peke yake unatosha kuonesha saa kamili, nusu, na robo kwa kukadiria. Saa za kwanza za mitambo kule Ulaya nazo zilikuwa na mshale mmoja tu. Wa dakika ulienea baada ya saa za timazi alizobuni Huygens mwaka 1656, maana kabla ya hapo mitambo haikuwa sahihi kiasi cha kuzihesabu dakika. Watu waliishi na mshale mmoja kwa karne kadhaa. Darasa langu litaishi nao kwa wiki moja.

Jumanne, 11 Februari 2025

Leo nimeshughulika na ile 10 inayoitwa 4.

Mwenzangu wa darasa la 4 ananishauri niwaambie watoto waongeze 6 au watoe 6. Nimeijaribu karatasini. Kwenye 10 unatoa, kwenye 3 unaongeza, na kwenye 6 ukitoa unabaki na sifuri, wakati sisi tunasema saa 12. Hizo ni njia mbili na mtego mmoja, kwa mtoto anayetaka kujua saa tu. Mwingine ananiambia niandike tarakimu za pili kwa wino mwekundu: 1 chini ya 7, 2 chini ya 8. Wataisoma, lakini watakuwa wanasoma wino wangu. Hakuna saa ya ukutani yenye wino huo.

Jioni nilikwenda kumjulia hali Babu, jirani yetu, mvuvi wa zamani. Nikamwamkia, nikampa saa ya boksi aishike. Yeye mishale anaiita akrabu. Akaigeuza geuza, akaniuliza akrabu moja iko wapi. Nikamweleza. Kisha nikamuuliza yeye aliisomaje saa alipokuwa kijana. Akaweka kidole kwenye 7, akakipitisha juu ya kifungo cha katikati mpaka upande wa pili, kikatua kwenye 1. "Naangalia inakotazama, nasema uliko mgongo," akasema. "Huku saba, mgongoni moja. Huku nne, mgongoni kumi. Alasiri hiyo."

Nimezunguka duara lote hapo hapo mbele yake. 8 na 2. 9 na 3. 10 na 4. 11 na 5. 12 na 6. Kila moja inakabiliana na mwenzake, kwa sababu 6 ni nusu ya 12 na nusu ya duara ni upande wa pili. Hakuna kuongeza wala kutoa. Unavuka tu.

Tulikaa mpaka jua likashuka. Babu akanikumbusha asili ya hesabu yetu: siku inaanza jua likitua, na ndiyo maana usiku wa leo sisi tunauita usiku wa kuamkia Jumatano. Jua likizama tunaanza upya, na saa 1 ya usiku ni saa moja iliyotimia tangu hapo. Asubuhi vivyo hivyo, tangu jua lichomoze. Hesabu hii inafaa kwetu kwa kuwa tuko karibu na ikweta, mchana na usiku wetu hautofautiani sana mwaka mzima. Wahabeshi nao wanahesabu hivi. Watu wa nchi za mbali kaskazini, ambako jua la Juni linatua usiku mkubwa na la Desemba linatua alasiri, isingewafaa.

Lakini leo jua halikutua saa 12 kamili. Adhana ya Magharibi imeadhiniwa saa 12 na dakika 40 na ushei. Mtoto yeyote mwenye akili ataniuliza, kwa hiyo nimejiandalia jibu. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa jua la longitudo ya nyuzi 45 mashariki, nayo inapita baharini huko mbali. Pemba iko karibu na nyuzi 40, na kila nyuzi moja ni dakika 4, kwa hiyo jua linatufikia sisi dakika 20 hivi baada ya saa kusema limefika. Mwezi wa Februari linazidi kuchelewa kwa sababu za mwendo wa dunia wenyewe, na mchana wetu sasa ni mrefu kidogo kuliko usiku. Kwa darasa la 3 nitasema hivi: saa 12 ni jina la mahali pa mshale, na jua linapita jirani na hapo, si lazima hapo hapo.

Usiku nimekata mshale mfupi mpya. Una urefu wa sentimita 20, tundu katikati. Upande mmoja una ncha nyeusi. Upande wa pili ni mkia wenye duara jekundu. Ncha ikielekea 10, mkia unalala kwenye 4. Ncha ikiwa katikati ya 10 na 11, mkia uko katikati ya 4 na 5. Kidole cha Babu nimekigeuza boksi.

Jumatano, 12 Februari 2025

Andalio la somo nimeliandika hivi, na nimeapa kutoongeza kitu.

Lengo: mwanafunzi aweze kuangalia mshale mfupi na kutaja saa kamili na nusu kwa Kiswahili, akianza na saa yenye mkia na kumaliza na saa isiyo na mkia. Dakika hazimo.

Utangulizi: sitaanza na saa, nitaanza na siku yao. Kuingia skuli, mapumziko, adhuhuri, alasiri, Magharibi, Isha. Watataja saa za mambo hayo kwa midomo. Hizi wanazijua, na ninataka wazisikie kabla ya kuziona.

Hatua ya kwanza: ncha kwenye 7. "Ncha inaangalia wapi? Mkia uko wapi? Tunasemaje?" Halafu 8, halafu 9, kwa mfululizo. Kisha nitaruka: 4, 1, 11, 6. Ninaiweka 6 mwisho makusudi, maana mkia utakuwa kwenye 12 na hapo ndipo tutazungumza jua.

Hatua ya pili: nusu. Nitausogeza mshale polepole kutoka 9 kuelekea 10 bila kusema neno, nisimame katikati. Swali ni moja: "Saa gani imeshapita?" Sitauliza "iko karibu na ipi," kwa sababu katikati ipo karibu na zote mbili.

Hatua ya tatu: nitachukua mkasi na kuukata mkia mbele yao. Kisha wataisoma saa kwa kuvuka wenyewe, kwa rula iliyolazwa juu ya kifungo, mwishowe kwa macho tu.

Kipimo: kila kundi la watoto 5 lina saa ndogo, duara la boksi lililochorwa kwa sahani ya chai. Nitasema saa, wao waweke mshale. Kuweka ni kipimo kikali kuliko kusoma. Mtoto anaweza kubahatisha jibu la kusoma kwa kumsikiliza jirani, lakini mshale aliouweka mahali pasipo unaonekana.

Usiku nimemaliza saa ndogo 9. Uzi wa kushonea umekwisha, mbili za mwisho nimezifunga kwa ukindu. Zinashika vizuri zaidi.

Alhamisi, 13 Februari 2025

Nimefundisha leo asubuhi.

Hatua ya kwanza ilikwenda kwa kasi kuliko nilivyotarajia. Kufika 9 darasa zima lilikuwa linataja mkia bila kungoja swali. Nilipoweka ncha kwenye 6, msichana mmoja wa mbele akasema: "Saa 12, jua limezama." Mvulana nyuma yake akapinga kwamba jana mpira wao wa jioni ulivunjwa na adhana, na saa ilikuwa imepita 12 na nusu. Wote wawili walikuwa na haki. Nikawapa jibu langu la jirani, wakaridhika.

Kwenye nusu tukakwama. Ncha ilikuwa katikati ya 9 na 10, mkia katikati ya 3 na 4. Zaidi ya nusu ya darasa walisema saa 4 na nusu. Nilifuta swali langu la "imeshapita ipi," nikarudisha mshale kwenye 9, nikauliza: "Tuko wapi?" Saa 3. Nikausogeza kidogo: "Tumeondoka saa 3?" Ndiyo. Kidogo tena. "Tumefika saa 4?" Hatujafika. "Basi tunaweza kusema 4?" Hatuwezi. Ilibidi nirudie safari hiyo mara tatu kwa saa tofauti, na iliula muda niliouwekea makundi. Kesho nikiwa na darasa jingine nitaanza hatua hii kwa safari, si kwa mshale uliokwishasimama.

Nilipoukata mkia walinyamaza. Nikaweka ncha kwenye 8. Wengi wakasema saa 2. Mmoja akasema saa 1, na nilipomwita mbele aniwekee kidole chake, niliona kosa lake: anavuka, lakini hapiti kwenye kifungo. Anakata kwa pembeni. Nikamlazia rula, makali yake yakipita juu ya kifungo, akajirekebisha. Niliwakuta wengine watatu wenye kosa hilo hilo kwenye saa ndogo, na hizo ndogo zilikuwa na lawama zake: mbili kati ya hizo nilizitoboa tundu nje kidogo ya katikati. Saa ndogo zote nitazikagua upya kwa kuikunja karatasi ya uso mara mbili kabla ya kutoboa.

Kwenye kuweka, makundi yote 9 yaliweka saa 4 kamili sawa. Saa 4 na nusu, makundi 6 yaliweka sawa, 3 yaliweka mshale katikati ya 9 na 10.

Ijumaa, 14 Februari 2025

Wakati wa mapumziko niliwarudisha wale 10 wa wiki iliyopita kwenye saa ya ukutani, niliwaomba waufiche mshale mrefu kwa kiganja mbele ya macho, kama wanavyojikinga na jua. Saba walisema saa 4 na nusu. Wawili walisema saa 5, na wote wawili walipoulizwa waliweza kunionesha kwamba mshale haujafika 11. Mmoja bado alisema 10.

Nilimuuliza tena yule wa kengele amejuaje. Safari hii hakuitaja kengele. Aliinua mkono, akachora mstari hewani kutoka katikati ya 10 na 11 mpaka upande wa chini, akasimamisha kidole.

Mpango wa wiki ijayo: siku mbili za nusu kwa mshale mfupi tu, kwa ajili ya makundi yale matatu. Mshale mrefu utarudi baada ya hapo, na vistari 60 nitavichora mbele yao. Kitu cha kwanza nitakachowaambia ni kwamba mrefu hauvukwi: ukiwa kwenye 3 ni dakika 15, pale pale unapoangalia, na anayeuvusha atasema dakika 45. Na kila nitakapousogeza mrefu, nitausogeza na mfupi kwa kiasi chake. Nyuma ya saa yangu nimeandika kwa wino, mahali ninapoishika, nisisahau: nusu ni katikati, kasorobo haijafika.